Barua ya Kuomba Kufutwa Faini na Ada Zilizotozwa Kimakosa Baada ya Hitilafu ya Mfumo wa Benki

Zuhura Bilali Kabwe,
Mfanyabiashara wa dagaa,
Mwanga, Kigoma.

15 Desemba 2025

Meneja wa Tawi,
Tawi la Kigoma.

Ndugu Meneja,

YAH: KUOMBA KUFUTWA FAINI NA KUREJESHEWA SHILINGI 183,320 ZILIZOKATWA KIMAKOSA KWENYE AKAUNTI INAYOISHIA NA 4471

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wa tawi lako na nina mkopo wa biashara wa shilingi 18,000,000 niliouchukua Agosti 2025, wa miezi 24. Rejesho ni shilingi 962,000, na kwa mkataba tuliosaini benki inalikata yenyewe kwenye akaunti yangu kila tarehe 5 ya mwezi. Kazi yangu ni kuhakikisha pesa ipo. Septemba na Oktoba makato yalikwenda vizuri, bila mtu kumpigia mwenzake simu.

Jumamosi ya tarehe 1 Novemba mlitutumia wateja ujumbe kwamba huduma zitasimama usiku kwa sababu mnahamia mfumo mpya. Jumatano ya tarehe 5 akaunti yangu ilikuwa na shilingi 1,418,600. Nilikuwa nimeiacha makusudi. Mwezi ulikuwa mpevu, mitumbwi ya vipe imepumzika, na mwaloni Kibirizi hapakuwa na dagaa wa kununua. Pesa hiyo nilikuwa naisubirishia giza, na ndani yake rejesho lenu lilikuwa limeshahesabiwa. Siku hiyo rejesho halikukatwa.

Kilichofuata kinaonekana chote kwenye taarifa ya akaunti niliyoambatisha. Tarehe 6 Novemba nilikatwa faini ya kuchelewesha rejesho, shilingi 48,100. Tarehe 6, 7 na 10 nilikatwa ada ya makato yaliyoshindikana, 12,980 kila mara, yaani 10,000 ya benki pamoja na ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani juu yake. Jumla ya hizo ada ni 38,940. Juu ya hapo ikaja adhabu ya kila siku, 3,200, kuanzia tarehe 6 hadi 16, siku 11, ikafika 35,200.

Ndugu Meneja, naomba hapa usome polepole, kwa kuwa ndipo lilipo jambo lenyewe. Mfumo uliosema haukuiona pesa ya rejesho kwenye akaunti yangu ndio huo huo uliochukua faini kwenye akaunti hiyo hiyo. Siku ile ile ya tarehe 6 umeshindwa kuchukua 962,000 na umeweza kuchukua 48,100, na salio lilikuwa linatosha vyote viwili. Afisa mikopo alinieleza kwamba wakati wa kuhama, mikopo kadhaa iliachana na akaunti zake, yaani mkopo haujui tena ukate wapi, lakini upande wa ada na faini uliendelea kuijua akaunti. Nilimshukuru kwa kusema ukweli. Ukweli huo unaonyesha kwamba mkopaji hakukosa kulipa.

Mkataba wetu, kifungu cha faini, unasema faini itatozwa pale mkopaji "atakaposhindwa kuweka kiasi cha rejesho katika akaunti ifikapo tarehe ya malipo". Mimi niliweka. Taarifa ya akaunti iliyotolewa na benki yenyewe ndiyo shahidi wangu.

Nilipofika tawini tarehe 17 Novemba kuuliza, niliambiwa nilete rejesho taslimu dirishani liingizwe moja kwa moja kwenye mkopo, ili adhabu ya kila siku isimame. Niliuliza kwa nini nisitoe ile iliyopo kwenye akaunti. Nikajibiwa niiache, kwani wahusika makao makuu wanarekebisha na mfumo unaweza kuivuta wakati wowote. Nilikubali kwa sababu niliiamini benki yangu. Nilikopa shilingi 600,000 kwenye kikoba chetu, nikaongeza 362,000 za mauzo zilizokuwa nyumbani, nikalipa 962,000 siku hiyo hiyo. Risiti ninayo na nakala yake nimeambatisha.

Usiku wa tarehe 19 mfumo ukavuta 962,000 nyingine. Rejesho la Novemba likawa limelipwa mara mbili, na akaunti ikabaki na 334,360.

Sijui kama ofisini kwako tarehe zina uzito zilionao kwetu mwaloni, kwa hiyo niruhusu nieleze. Sisi hatununui dagaa kwa kalenda ya ukutani. Mvuvi anavua kwa taa, na taa inavuta samaki usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka anatundika nyavu. Tarehe 20 Novemba ndiyo ilikuwa katikati ya giza. Asubuhi hiyo nilikuwa Kibirizi, nimeshakubaliana bei na wenye mitumbwi wawili, mzigo wa 1,200,000, na wanawake sita wananisubiri kwenye vichanja. Nikajaribu kutuma malipo, salio halitoshi. Dagaa mbichi hamsubiri mtu, tena Novemba ni mvua, jua la kuanikia linapatikana kwa saa chache. Mzigo ulichukuliwa na mwingine mbele ya macho yangu. Wale wanawake sita nao walirudi nyumbani bila ujira wa siku.

Hasara hiyo sikuijumlisha katika madai ya barua hii, kwa kuwa nataka hili la faini liishe kwa urahisi na kwa hesabu ambayo haina ubishi. Naomba tu ijulikane kwamba ilikuwepo.

Shilingi 962,000 zilizovutwa mara ya pili mlinirudishia tarehe 26 Novemba, na kwa hilo sina dai kwa benki. Ila namna mlivyozirudisha ndiyo iliyozaa tatizo la sasa. Nimekaa na taarifa ya mkopo nikaifuata mstari kwa mstari. Mfumo ulikuwa umeyaandika makato ya tarehe 19 kuwa ndiyo rejesho la Novemba, na zile nilizolipa dirishani tarehe 17 umeziweka pembeni kama malipo ya awali. Mlipoyafuta makato ya tarehe 19 ili kunirudishia pesa, rejesho la Novemba likafutika nayo. Pesa yangu ya dirishani bado ipo kwenye mkopo, imekaa, haijapewa mwezi wowote. Kwa hiyo kwenye vitabu vyenu Novemba inaonekana sijalipa mpaka leo.

Rejesho la Desemba lilikatwa vizuri tarehe 5. Kesho yake nikakatwa faini nyingine ya 48,100 kwa ajili ya Novemba. Tarehe 9 Desemba, watu wakiwa kwenye sikukuu ya Uhuru, nilipokea ujumbe kwamba nina malimbikizo ya siku 34 na kwamba hatua zitachukuliwa. Tarehe 10 nikakatwa 12,980, ada ya barua ya kumbusho.

Kwa hesabu hiyo, makato ya Novemba ni 122,240 na ya Desemba ni 61,080, jumla shilingi 183,320. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotokana na mimi kuchelewa.

Maombi yangu ni kwamba faini na adhabu hizo zifutwe, na shilingi 183,320 zirudishwe kwenye akaunti yangu, kiasi ambacho ndani yake umo ule ushuru na kodi vilivyokatwa juu ya ada zisizostahili. Dirishani niliambiwa niandike barua ya "kuomba msamaha wa faini". Sikuiandika hivyo, na nisingependa jibu lije kwa lugha hiyo, kwa kuwa aliyekosa ndiye anayemwomba msamaha aliyekosewa. Ninachoomba ni kosa lililoingia kwenye vitabu lisahihishwe.

Pia naomba zile 962,000 nilizolipa dirishani tarehe 17 Novemba zihamishiwe kwenye rejesho la Novemba, na zihesabiwe kwa tarehe 5 ambayo pesa ilikuwepo. Lisipofanyika hili, kurudisha faini hakutasaidia kitu. Tarehe 6 Januari mfumo utanitoza tena, na Februari tena.

Jambo linaloninyima usingizi kuliko hiyo pesa ni jina langu. Taarifa za mikopo zinapelekwa kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na benki nyingine zinazisoma kabla ya kumkopesha mtu. Siku 34 za malimbikizo zikikaa pale, mimi ni mkopaji mbaya popote nitakapokwenda. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, nilikuwa na mkopo wangu wa kwanza hapa hapa kwenu. Miezi mitatu bila dagaa. Niliuza mawese kwa rejareja, nikauza na cherehani ya marehemu mama yangu, na sikukosa rejesho hata moja. Faili langu lipo, linaweza kufunguliwa. Historia hiyo nimeijenga kwa jasho, na sitakubali iharibiwe na usiku mmoja wa kuhamisha mfumo. Kama taarifa ya malimbikizo imeshatumwa, naomba isahihishwe huko ilikopelekwa na nipewe barua inayothibitisha hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inanipa haki ya kutaka taarifa zangu zisizo sahihi zirekebishwe.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 za kazi tangu upokee barua hii, na wakati huo wote ujumbe wa vitisho na adhabu mpya visimamishwe. Nimeshakuja tawini mara nne, na kila mara jibu ni kwamba mfumo ndio umefanya na hapa hawaruhusiwi kuugusa. Nawaelewa vijana wa dirishani, hawana mamlaka hayo. Lakini mfumo sikuuchagua mimi na wala sikuuhamisha mimi, na mkataba wangu nimesaini na benki.

Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za 2019 zinamtaka mtoa huduma apokee na kushughulikia malalamiko ya mteja, na mteja asiporidhika anaweza kuyafikisha Benki Kuu. Ningependa jambo hili liishie hapa Kigoma, mezani kwako, tunapofahamiana. Lisipoishia hapa, nitalipeleka huko nikiwa na karatasi hizi hizi.

Nimeambatisha taarifa ya akaunti na ya mkopo kuanzia 1 Novemba hadi 12 Desemba nikiwa nimepigia mstari makato ninayolalamikia, nakala ya risiti ya tarehe 17 Novemba, ukurasa wa mkataba wenye kifungu cha faini, na picha za ujumbe mlionitumia tarehe 1 Novemba na 9 Desemba. Barua nimeileta nakala mbili. Naomba moja igongwe muhuri wa kupokelewa nibaki nayo.

Giza la Desemba limeanza na wiki hii yote nitakuwa Kibirizi tangu alfajiri. Simu yangu ni ile ile mnayonitumia ujumbe. Baada ya saa nane mchana napatikana, na ukinihitaji tawini nitakuja siku hiyo hiyo.

Natanguliza shukrani.

Wako mteja,

(Sahihi)
Zuhura Bilali Kabwe