Ikolojia na Mageuko: maswali ya takwimu, marudio ya Kidato cha Nne, Masasi

Muda: saa 1 na dakika 15. Alama 40. Kikokotoo kinaruhusiwa. Namba zote zimetungwa kwa ajili ya zoezi. Viumbe ni hawahawa tunaoishi nao. Onyesha njia ya hesabu, kwani jibu tupu lisilo na njia linapata alama moja tu.

Swali la 1: Shamba la mikorosho (alama 13)

Mshale unaelekea kwa anayekula.

machipukizi ya mkorosho → mbu wa mikorosho → majimoto
majani → panzi → majimoto
majani → panzi → mjusi → nyoka → mwewe
punje za mtama → panya shamba → nyoka
punje za mtama → panya shamba → bundi

Wanafunzi walikagua machipukizi 200 kwenye miti yenye viota vya majimoto, na 200 kwenye miti isiyo navyo. Yaliyokaushwa na mbu wa mikorosho yalikuwa 18 na 74.

(a) Taja mlaji wa kwanza mmoja, na kiumbe mmoja anayekula katika ngazi zaidi ya moja. (2)
(b) Tafuta asilimia ya machipukizi yaliyoharibika kwa kila kundi. (2)
(c) Majani yana kilojuli 20,000, panzi 1,800, mijusi 150. Ni asilimia ngapi ya nishati inayopita katika kila hatua? Nyingine imeenda wapi? (4)
(d) Mkulima amechoka kuumwa na majimoto wakati wa kupogoa, akapiga dawa inayoua wadudu wa kila aina. Mwezi wa kwanza mbu wa mikorosho walipungua. Baada ya miezi mitatu walizidi idadi ya awali. Eleza. (3)
(e) Kwa nini takwimu za (b) peke yake hazithibitishi kwamba majimoto ndio waliookoa machipukizi? (2)

Swali la 2: Panya shamba, hekta 1, Nachingwea (alama 15)

| Mwezi | Idadi |
|---|---|
| Novemba | 24 |
| Januari | 30 |
| Machi | 58 |
| Mei | 140 |
| Julai | 196 |
| Septemba | 90 |

(a) Chora grafu ya mstari. (3)
(b) Linganisha ongezeko la Machi–Mei na la Mei–Julai, kwa idadi na kwa asilimia. (4)
(c) Idadi ya Julai ilipatikana hivi: panya 49 walinaswa, wakawekewa alama na kuachiwa. Baadaye walinaswa 60, na 15 kati yao walikuwa na alama. Onyesha hesabu. Kama alama za baadhi zilifutika, makadirio yangekuwa makubwa au madogo kuliko ukweli? (4)
(d) Kati ya Julai na Septemba walizaliwa 6, wakahamia 4, wakahama 18. Wangapi walikufa? (2)
(e) Mwenzako anasema, "196 ndio uwezo wa shamba kubeba panya, mwaka mzima." Mkosoe. (2)

Swali la 3: Mbu wa malaria na dawa ya chandarua (alama 12)

Kila mwaka mbu 100 waliwekwa kwenye karatasi yenye dawa kwa saa 1, wakahesabiwa baada ya saa 24. Waliokufa: mwaka wa kwanza 98, wa tatu 81, wa tano 57. Kwenye karatasi isiyo na dawa walikufa 2 kila mara.

(a) Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani, vifo chini ya 90% ni usugu. Ni lini usugu ulionekana kwanza katika vipimo hivi? (1)
(b) Karatasi isiyo na dawa ilikuwa na kazi gani? (2)
(c) Eleza mabadiliko haya kwa uteuzi asilia. (6)
(d) Dawa za mashambani zinawezaje kuongeza usugu wa mbu wasiokula zao lolote la shamba? (3)

Mwongozo kwa vipengele vinavyowaangusha wengi

1(e): Huenda miti yenye viota ilitofautiana kwa umri, kivuli au upulizaji dawa. Asilimia (9% na 37%) zinaonyesha uhusiano, si chanzo.

2(b): Panya 82 (141%), kisha 56 (40%). 2(c): 49 × 60 ÷ 15 = 196. Alama zikifutika kigawanyo kinapungua, hivyo makadirio yanakuwa makubwa mno. 2(d): 98. 2(e): Uwezo hushuka mtama ukishavunwa na nyasi kukauka, vilevile idadi ya juu kabisa inaweza kuupita uwezo kwa muda.

3(c): Ukiandika "mbu walizoea dawa", sifuri. Mbu mmoja hajifunzi kustahimili sumu kisha akarithisha ujuzi. Ninachotafuta: tofauti za jeni zilikuwepo kabla, dawa iliua wasio na usugu, waliobaki (2, 19, 43 katika kila 100) walizaliana zaidi, jeni za usugu zikaongezeka kizazi hadi kizazi. Tumia namba za swali, la sivyo unapoteza alama 2.

3(d): Dawa ikichuruzika hadi kwenye madimbwi, viluwiluwi huchujwa humo kabla hawajakutana na chandarua, hasa dawa hiyo ikiwa ya kundi moja na ya chandarua.