Mpango wa Riwaya: Kitabu cha Chama

Rasimu hii ni ya tatu, na nimeiandika ili mimi na mhariri wangu tuweze kuifuata sura kwa sura kabla sijaanza kuandika riwaya yenyewe. Jina la kwanza lilikuwa "Taa za Ziwani". Nililifuta kwa sababu msomaji angeanza kuzikodolea macho taa hizo tangu jalada, na taa ndizo nguzo ya kitendawili chote.

Kisa kinatokea katika ufuo mdogo kusini mwa Dunga, mjini Kisumu, ambao ni wa kubuni. Tarehe si ya kubuni kabisa. Mzee Ogola, mwenye boti nne za kuvulia omena na mweka hazina wa chama cha akiba, anauawa usiku wa Jumamosi tarehe 24 Februari 2024, siku ambayo mwezi ulikuwa mpevu. Februari pia inanifaa kwa kuwa uvuvi wa omena hufungwa tangu Aprili hadi Julai, nami nahitaji msimu ambao wavuvi wangekuwa ziwani kama si mbalamwezi.

Ukweli ulivyo, ambao msomaji ataupata mwishoni, ni huu. Katibu wa chama, Mwalimu Andayi, mstaafu aliyehamia ufuoni kutoka Kakamega miezi minane iliyopita, ametumia shilingi 480,000 za wanachama. Vitabu vilikuwa vikaguliwe Jumatatu tarehe 26. Jumamosi saa 2 usiku anakutana na Mzee Ogola kwenye boti ndogo ya makasia, wanazozana, anampiga kwa kasia. Anamlaza ndani ya boti na kuisukuma ziwani, kisha upepo wa usiku, ambao huvuma kutoka nchi kavu, unaichukua. Saa 4 anaingia kwenye kesha la kanisa akiwa na simu ya marehemu mfukoni. Saa 11:47 alfajiri, akiwa bado keshani, anatuma shilingi 3,000 za M-Pesa kwa mmoja wa mabaharia wa Mzee, ili ionekane kwamba Mzee alikuwa hai hadi mapambazuko. Namba ya siri anaijua kwa kuwa macho ya Mzee yamefifia na yeye ndiye aliyekuwa akimfanyia miamala.

Uongo utakaomwangusha ni mmoja. Akiulizwa alikuwa wapi kati ya saa 1 na saa 4 usiku, anasema aliketi peke yake kwenye veranda ya mkahawa uliofungwa, akitazama taa za wavuvi wa omena "zilizotanda ziwani kama mji unaoelea". Wavuvi wa omena hutegemea giza, kwa maana taa zao ndizo zinazowavuta samaki wale wadogo juu. Mwezi unapojaa, taa hazina nguvu na boti hulala ufuoni siku kadhaa. Usiku ule hapakuwa na taa hata moja.

Hapa ndipo penye ugumu, na ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi. Msomaji wa Lodwar au Lamu huenda hajui desturi ya omena na mwezi, na kumficha jambo asiloweza kulijua kisha kumshangaza nalo mwishoni ni kumwibia. Kwa hiyo dalili hii nimeikata vipande vitatu, na kila kipande kinaonekana waziwazi katika sura yake, kikiwa kimevaa nguo za shughuli nyingine.

Kipande cha kwanza ni kanuni yenyewe, nacho kiko sura ya 3. Mama Akoth, muuza omena, anamlalamikia Sajenti Chebet kuhusu bei ya gorogoro: "Mwanangu, mwezi ukiwaka sisi tunalala njaa. Ngoja giza lirudi ndipo uje uniombe nyongeza." Chebet ametoka Nakuru wiki mbili tu zilizopita, na anayasikia maneno hayo kama porojo za mfanyabiashara anayetafuta kisingizio cha kupandisha bei. Msomaji naye atayasikia hivyo, kwa sababu mazungumzo yanaendelea mara moja hadi deni ambalo Mama Akoth alinyimwa na marehemu, na laana aliyomtolea mbele ya watu.

Kipande cha pili ni dai la Andayi, sura ya 5. Nataka sentensi yake kuhusu mji unaoelea iwe nzuri kuliko sentensi zote za sura hiyo, hata Chebet aiandike katika daftari lake kwa kupendezwa nayo. Msomaji hushuku maneno ya kubabaika. Ni nadra kushuku maneno matamu.

Kipande cha tatu ni hali ya anga usiku ule, sura ya 7, na neno mwezi halitajwi. Bi Mwanaidi, jirani, anaeleza kwa nini alikuwa macho: ulikuwa usiku wa Nisfu Shaaban, naye alitandika mkeka uani, akasali na kusoma Yasini nje hadi usiku wa manane, bila taa, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Anayejua kwamba Nisfu Shaaban ni katikati ya mwezi mwandamo atajua mwezi ulikuwa umejaa. Asiyejua ana msaada wa pili katika sentensi ileile: bibi wa miaka 68 alisoma msahafu uani bila taa. Kusoma huko pia kunaziba pengo la mawingu, maana msomaji mkali angeweza kudai kwamba mbingu zilifunga.

Udhaifu mmoja ulinisumbua katika rasimu mbili za kwanza. Mtu aliyezaliwa ufuoni asingesema uongo huu hata akiwa amelewa. Ndiyo maana Andayi lazima awe mgeni, na ugeni wake uonekane mapema kwa jambo dogo: sura ya 2 anakosea jina la aina ya wavu na mabaharia wanamcheka. Ameziona taa usiku mwingi kutoka veranda hiyohiyo, na anapobanwa anasimulia usiku wowote ule, akiamini kwamba ziwa huwa vile kila siku. Lakini yeye ndiye anayeandika mavuno katika kitabu cha chama, na katika sura ya 4 nitauchapa ukurasa mzima wa kitabu hicho kama ulivyo, pamoja na safu za tarehe, boti na debe. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Februari, safu ya debe ina vistari vitupu kwa mwandiko wake mwenyewe. Wiki ile ameinakili kwa mkupuo mmoja kutoka kwenye vikaratasi vya mabaharia, bila kuuliza sababu. Chebet na msomaji watakuwa wakitafuta tofauti za fedha upande wa kulia wa ukurasa, kwa sababu zipo kweli, na shilingi zilizofutwafutwa zitayavuta macho mbali na vistari.

Sasa chambo. Masharti niliyojiwekea ni kwamba kila anayeshukiwa bure awe na siri ya kweli inayoeleza mwenendo wake wote, na siri hiyo ifichuliwe kabla ya sura ya 12, ili ufichuzi wa mwisho usibebe mizigo ya watu wengine. Felix, mpwa wa Mzee, ndiye chambo kikubwa. Amegombana na mjomba wake kuhusu injini ya boti, anadai alilala nyumbani, na majirani wanasema kitanda chake hakikuguswa. Ujumbe wa alfajiri unamkandamiza kuliko mtu mwingine, kwa kuwa saa hiyo wengine wote wana mashahidi. Sura ya 9 inaonyesha kwamba usiku ule aliibeba injini kwa pikapu hadi Homa Bay kuiweka rehani. Chebet anamuuliza hakuogopa kwamba mjomba angeitafuta? Anajibu: "Wiki ile nani angeihitaji, Madam? Boti zote zilikuwa zimelala." Jibu hilo linamwondoa yeye kwenye orodha, na wakati huohuo linampa msomaji kipande cha nne ambacho sikuwa nimekipanga. Nilipokigundua niliacha kalamu nikazunguka nyumba.

Mama Akoth ni chambo kidogo na sitamkawiza: laana yake ilitolewa mbele ya soko, na usiku huo alikuwa akifunga magunia ya kupeleka Kibuye Jumapili, pamoja na wasaidizi wawili.

Boti ni chambo cha aina nyingine. Inaonekana Jumapili saa 10 alasiri, imebanwa na gugumaji karibu kabisa na ufuo, na kila mtu anadhani muuaji aliiacha hapo mchana. Kwa kweli iliondoka na upepo wa usiku, ikarudishwa na upepo wa alasiri ambao huvuma kutoka ziwani. Kwa haki, pande zote mbili za upepo zimo: sura ya 2, mchana, moshi wa wakaanga samaki unaingia majumbani hadi Chebet anafunga dirisha, sura ya 7, usiku, Bi Mwanaidi anakumbuka kwamba moshi wa udi wake ulikuwa ukielekea majini. Sura ya 10 daktari anasema kifo kingeweza kutokea wakati wowote kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na hapo Chebet anaanza kuushuku ujumbe wa alfajiri.

Dalili ya simu inahitaji uangalifu. Sura ya 6, mwanakwaya anasema Andayi alifika keshani akiulizia chaja, simu yake ikiwa imezima, na hakuipata kwa sababu umeme ulikuwa bado haujarudi. Sura ya 8 inaeleza picha iliyopigwa wakati wa wimbo wa mapambazuko: waumini wamesimama, watoto wamelala kwenye mabenchi, na Andayi ameinamisha kichwa, uso wake umeangazwa kutoka chini. Chebet anadhani anasoma Biblia kwenye simu. Sura ya 11 baharia anaonyesha ujumbe wake wa M-Pesa, na maandishi yake nitayachapa kama yanavyosomeka kwenye kioo: "on 25/2/24 at 5:47 AM". Hakuna atakayeunganisha mambo hayo kwa sauti kabla ya sura ya 14. Sura ya 12 na ya 13 hazina dalili mpya hata moja. Zinahusu mazishi, na msomaji atakayetaka kurudi nyuma kukagua ana kila kitu mkononi.

Sura ya 14 haina mkutano wa washukiwa wote sebuleni. Ni Chebet, Andayi, konstebo mmoja mlangoni, na kitabu cha chama mezani. Chebet anafungua daftari lake na kumsomea ile sentensi ya mji unaoelea, neno kwa neno. Anakubali kwamba ndiyo yake, na hata anatabasamu. Kisha anamgeuzia kitabu na kumwomba asome safu ya debe, kuanzia tarehe 21.

"Hakuna kitu," anasema Andayi.

"Soma tu, Mwalimu."

Anasoma tarehe 21, 22, 23, kila mara akisema "hakuna". Anapofika 24 sauti yake inashuka, kwa maana ameelewa, na kidole chake kinabaki juu ya kistari. Simu na kasia zitafuata katika kurasa tatu za mwisho, lakini sura inakatika hapo, kabla hajasema tarehe 25.