Akaunti imezuiwa: ya kufanya leo, na barua ya kuomba fedha ziachiliwe

Shikamoo Shangazi,

Picha ya amri uliyonitumia inasomeka vizuri. Tafadhali usigombane na meneja wa tawi. Benki imepokea amri ya mamlaka ya mapato, na ikiikaidi inaweza kudaiwa deni hilo yenyewe. Haitafungua akaunti mpaka mamlaka iiandikie kwamba amri imeondolewa. Muulize jambo moja tu: je, wameagizwa kuzuia fedha, au pia kuzipeleka kwa mamlaka, na lini? Zikishapelekwa tutakuwa tunadai kurudishiwa, na hiyo ni safari ndefu zaidi.

Usiwaelekeze wateja walipe kwenye akaunti ya binamu. Najua ni msaada wa nia njema, lakini itaonekana unaficha mali, na barua yetu itapoteza nguvu. Wapigie leo wote wenye hundi zako ambazo hazijapelekwa benki, wasizipeleke kwanza. Ofisa wa mkopo naye aambiwe kabla marejesho ya mwezi hayajakwama.

Sasa deni lenyewe. Nimelinganisha taarifa yako ya kodi ya mtandaoni na stakabadhi za benki. Kodi ya ongezeko la thamani ya Februari ulilipa, ila namba ya malipo iliyotumika ilikuwa ya kodi ya mishahara, hivyo upande mmoja una ziada na mwingine una deni. Sehemu iliyobaki ni makadirio: ritani ya Septemba haikuwasilishwa, mamlaka ikakadiria kodi yenyewe, na notisi zote zikaenda kwenye barua pepe ya mhasibu aliyeondoka. Ritani hiyo nimeiwasilisha leo na wewe umeshalipa kodi yake. Barua pepe nayo tuibadilishe leo hii.

Pingamizi dhidi ya makadirio nitaliandika peke yake. Lina siku zake za mwisho, na barua hii haizisimamishi.

Akitokea mtu anayesema ana jamaa ndani wa kufungua akaunti kwa "kitu kidogo", kata simu. Malipo yote yapitie namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa mamlaka.

Chapisha barua nakala tatu. Ipeleke mwenyewe kitengo cha madeni, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ya tatu mpe meneja wa tawi.

13 Mei

Kamishna wa Kodi,
Mamlaka ya Mapato,
Kitengo cha Usimamizi wa Madeni.

YAH: OMBI LA KUONDOA AMRI YA KUZUIA AKAUNTI YA BENKI YA TAREHE 12 MEI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmiliki wa karakana ya kushona sare, yenye wafanyakazi 9. Namba yangu ya mlipakodi na ya akaunti zimo kwenye nakala ya amri iliyoambatishwa.

Asilimia 64 ya kiasi kinachodaiwa ni kodi ya ongezeko la thamani ya Februari. Kodi hiyo ililipwa yote tarehe 18 Machi, lakini iliingizwa kwenye kodi ya mishahara kwa kutumia namba ya malipo isiyo yake. Naomba ihamishiwe inakostahili.

Asilimia 36 ni makadirio ya Septemba mwaka jana. Ritani ilichelewa, na kwa hilo naomba radhi. Sasa imewasilishwa; kodi halisi ni robo ya makadirio, nayo imelipwa leo. Pingamizi litawasilishwa ndani ya muda wa kisheria.

Baada ya marekebisho hayo, kitakachobaki kulipwa ni adhabu na riba, ambazo naomba kuzilipa kwa awamu 3 za kila mwezi kuanzia tarehe 30 Mei.

Kwa hiyo naomba:

1. Amri iondolewe na benki ijulishwe kwa maandishi.
2. Ikiwa uhakiki utahitaji muda, kizuizi kibaki kwenye kiasi kinachobishaniwa pekee, na salio liachiliwe.
3. Kwa vyovyote vile, mishahara ya Mei iruhusiwe kulipwa moja kwa moja kwenye akaunti za wafanyakazi, kwa orodha iliyoambatishwa. Hawahusiki na deni hili, na kipato chao kinategemea akaunti hiyo.

Niko tayari kufika ofisini siku yoyote mtakayonipangia nikiwa na vitabu vyote vya hesabu.

Wako mtiifu,

(Sahihi)
Mmiliki wa karakana

Viambatisho: nakala ya amri, stakabadhi ya 18 Machi, ritani ya Septemba na stakabadhi yake, taarifa ya benki ya miezi 6, orodha ya mishahara.

Nakala: Meneja wa Tawi, benki yenye akaunti.