YAH: Kubuni upya kipeperushi chenu cha kichocho kwa bei nafuu

Ndugu Mratibu,

Habari za kazi. Mimi ni mbunifu wa michoro hapa Kirumba. Nilikiona kipeperushi chenu cha kichocho mwaloni Igombe. Ujumbe ni mzuri, ila maandishi ni madogo mno na konokono, ambaye ndiye anayebeba vimelea, haonekani vizuri.

Naomba niwabunie kipya: ukubwa wa A5, pande mbili, michoro ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. Kawaida natoza shilingi 150,000. Kwa kazi hii ya kwanza nitapokea 60,000, marekebisho mawili yakiwemo, uchapaji ukiwa juu yenu. Mafaili yote yatakuwa mali yenu.

Mkiridhia, Jumanne nitapita ofisini na sampuli za kazi zangu.

Wenu,
Neema