YAH: TAARIFA YA KITABIBU KUHUSU MAOMBI YA MWALIMU KUSTAAFU KWA SABABU ZA KIAFYA

SIRI

Dodoma, 12 Mei 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Chamwino.

Rejea barua yako ya kuomba taarifa hii. Mhusika ni mwalimu wa shule ya msingi, umri miaka 53, kazini kwa miaka 27. Kwa kulinda faragha yake natumia namba ya jalada la kliniki, 0418/23. Jina lipo kwenye barua yako. Ameisoma taarifa hii na kuridhia itumwe.

Nimemhudumia tangu Machi 2023 kwa tatizo la kudumu la sauti. Jina la ugonjwa na majibu ya vipimo vimebaki kwenye jalada. Jopo la madaktari likivihitaji, nitavikabidhi kwao moja kwa moja.

Anaweza kuzungumza kwa sauti ya kawaida, ana kwa ana, kwa takriban dakika kumi, kisha anahitaji kupumzika. Tarehe 6 Mei nilimpa kitabu cha darasa la nne asome kwa sauti ya kufundishia. Dakika ya saba sauti ilikatika, ikabaki mnong'ono. Ilirejea baada ya karibu saa nzima ya kunyamaza. Kipindi kimoja ni dakika 40, na darasa lake lina wanafunzi 68. Vumbi la chaki humwongezea ukavu wa koo. Kutembea, kusimama, kuona, kusikia, kuandika na kumbukumbu havina kasoro.

Amepata dawa, mazoezi ya sauti na mapumziko ya miezi sita bila kuingia darasani. Alipata nafuu, lakini wiki ya pili baada ya kurudi kufundisha hali ilikuwa ileile. Kipaza sauti cha kuvaa kilisaidia wanafunzi wa nyuma wasikie, ila hakikumwongezea muda wa kuzungumza. Mahudhurio yake kliniki ni mazuri na maelekezo ameyafuata. Naliandika hili kwa sababu isije ikadhaniwa hakujitahidi.

Kwa maoni yangu, hawezi tena kufundisha darasani, na sitarajii uwezo huo urudi kabla ya umri wa kustaafu kwa lazima. Sisemi kwamba hawezi kazi yoyote: shughuli za kimya, kama kutunza kumbukumbu, anazimudu. Kama mwajiri ana nafasi ya aina hiyo ni suala la ofisi yako. Kama haipo, naunga mkono maombi yake ya kustaafu kwa sababu za kiafya, na napendekeza apelekwe mbele ya jopo la madaktari. Akiwa hajafikisha miaka 55, hawezi kutumia utaratibu wa kustaafu kwa hiari, hivyo uamuzi wa jopo ndio anaoutegemea.

Wakati akisubiri, naomba asipangiwe vipindi. Kila wiki anayofundisha inamrudisha nyuma.

Daktari Bingwa wa Masikio, Pua na Koo
(Imesainiwa na kupigwa muhuri)

Nakala: Mhusika