Ombi la maneno yako kuhusu shughuli tuliyokupikia

Mpendwa mteja wetu,

Assalaam aleikum. Kwa wateja wetu wa dini nyingine, pokea salamu zetu za heshima, na tunatumai nyumbani hawajambo.

Tunakuandikia kwa sababu kati ya Machi na Desemba 2025 ulitupa kazi ya kupika chakula cha shughuli yako, na ilipokwisha ulitwambia mwenyewe kwamba umeridhika. Tunaomba uturudishie maneno hayo kwa maandishi au kwa sauti, pamoja na idhini ya kuwaonyesha watu wanaofikiria kutupa kazi. Kujibu hakutazidi dakika tano. Ukiona si vyema kujibu, basi usijibu. Kimya chako tutakihesabu kuwa hapana, na hatutakukumbusha mara ya pili.

Ni haki ujue kwa nini tumeamua kuomba sasa. Mzazi anayeoza hamkabidhi masufuria yake mpishi asiyemjua: huuliza kwanza tumempikia nani, watu walikuwa wangapi, na je, wali ulifika mpaka sinia la mwisho. Kwa muda mrefu tulilijibu swali hilo kwa kutoa namba ya simu ya mteja wa zamani, bila kumwuliza mwenyewe. Mwaka jana mama mmoja wa Tudor alitwambia, kwa upole kuliko tulivyostahili, kwamba katika wiki moja alikuwa amepigiwa simu na watu watatu asiowajua, mmoja wao saa nne za usiku. Tangu siku hiyo hatumpi mtu namba ya mteja. Ikiwa nawe ulisumbuliwa kwa njia hiyo, tunakuomba radhi. Maneno yako, yakiwekwa mahali ulipoyaridhia, ndiyo yatakayojibu badala ya simu yako.

Ili kujibu, jibu ujumbe huu huu wa WhatsApp, kwa kuandika au kwa ujumbe wa sauti. Ukituma sauti, sisi tutaiandika kisha tukurudishie uisome. Kiswahili chako cha nyumbani kinatosha kabisa, kiwe cha Mvita, cha Likoni au cha bara. Tunakuomba uguse mambo matatu: shughuli ilikuwa ya namna gani na ya watu wangapi kwa makadirio, chakula kilifika saa ngapi ukilinganisha na saa tuliyoahidi, na kilitosha au la, na mwisho, dada yako akikuuliza kama atupe kazi yetu, ungemwambia nini.

Tunauliza hivyo kwa makusudi. Mteja akiandika kwamba chakula kilikuwa kitamu tunafurahi sana, lakini anayesoma hajajua lolote, kwani hakuna mpishi Mombasa anayetangaza kuwa chakula chake ni kibaya. Anachotaka kujua ni kama biriani ilikuwa bado moto wanaume walipotoka kwenye nikahi, kama kachumbari iliisha kabla ya wageni wa ukumbi wa wanawake kupakuliwa, na kama chakula cha Likoni kilichelewa kwa foleni ya feri. Kama kilichelewa, andika kwamba kilichelewa. Sifa yenye dosari moja ndani yake huaminika zaidi, nasi hatutaiondoa dosari hiyo tukabakisha sifa.

Mwishoni mwa jibu lako, tafadhali andika namba moja kati ya hizi:

1 – Tumieni maneno yangu pamoja na jina langu la kwanza na mtaa wangu.
2 – Tumieni maneno yangu bila jina. Andikeni aina ya shughuli na mwezi tu.
3 – Yasomeni nyinyi wenyewe, msiyaonyeshe kwa mtu.

Jibu kamili linaweza kuwa fupi kama hili tulilolitunga kwa mfano: «Harusi ya mwanangu, watu kama 250, Bamburi. Mliahidi saa saba, mkafika saa saba na robo. Pilau ilitosha na ikabaki, sambusa ziliisha mapema. Dada yangu ningemwambia awape, ila aagize sambusa za ziada. 2.»

Maneno tutakayoruhusiwa kuyatumia yatawekwa mahali pawili tu. Pa kwanza ni kijitabu cha vyakula na bei tunachomwonyesha mteja anapokuja kuagiza. Tutachapisha nakala 40, na zote zitabaki mikononi mwetu. Pa pili ni ukurasa wetu wa biashara wa WhatsApp, ambao yeyote mwenye namba yetu anaweza kuufungua, na anayeufungua anaweza kuupiga picha akampelekea mwingine. Hilo la mwisho hatuna uwezo wa kulizuia, kwa hiyo lizingatie kabla ya kuchagua 1. Hatutayaweka kwenye bango la barabarani wala kwenye tangazo la redio, na hatutampa wala kumuuzia mfanyabiashara mwingine, awe mpambaji, mwenye mahema au mpiga picha. Tukitaka kuyatumia mahali pengine siku za mbele, tutakuomba upya.

Kuhusu picha: tafadhali usitutumie. Tunajua namna watu wetu wanavyozistahi picha za ndani ya shughuli, hasa za siku ya kupamba, na idhini yako wewe haiwezi kuwa idhini ya wageni wako. Picha tutakazotumia ni za masinia na masufuria yetu.

Tukihitaji kufupisha maneno yako, au kurekebisha neno lililoandikwa kwa haraka, tutakutumia kwanza vile yatakavyosomeka, na hayatatoka mpaka ujibu «sawa». Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuiondoa idhini yako wakati wowote. Ukibadilisha mawazo, hata baada ya mwaka, tuandikie neno «ondoa» kwenye namba hii. Kwenye ukurasa tutayafuta siku hiyo hiyo, na katika vijitabu tutabandika karatasi juu yake ndani ya siku tatu. Hatutakuuliza sababu.

Hakuna punguzo wala zawadi kwa atakayejibu, na bei yako ya shughuli ijayo haitabadilika kwa kujibu au kutojibu. Wapo walioshauri tutoe kilo moja ya halua kwa kila jibu. Tumekataa, kwani mtu akijua kwamba sifa ililipiwa halua ataisoma kwa jicho jingine, naye atakuwa na haki.

Ikiwa ulikuwa na kinyongo ambacho hukukitoa siku ile kwa kutustahi, mlango huu ni wake pia. Kiandike, weka 3, na mpishi mkuu atakupigia mwenyewe saa utakayoitaja. Wale tuliowapikia hitima hatukuwatumia ujumbe huu. Kama umekufikia kwa makosa ukiwa na msiba, tunaomba utusamehe na uufute.

Tungependa kupata jibu lako kabla ya Ijumaa, tarehe 30 Januari 2026. Kijitabu kitakwenda kwa mchapishaji wiki inayofuata, kabla ya Ramadhani, ili kiwe tayari kwa harusi za Mfungo Mosi. Jibu litakalokuja baadaye litaingia kwenye ukurasa peke yake.

Kwa heshima na shukrani,

Mpishi mkuu na wenzake
Jiko la shughuli, Kibokoni, Mombasa
12 Januari 2026