Matembezi ya Maktaba: Siku Zinahesabika

ZIMEBAKI SIKU 14
Vitabu vya shule yetu vimo kwenye maboksi, ndani ya ofisi ya walimu. Mtoto anayetaka hadithi humsubiri mwalimu apate nafasi ya kumfungulia, na wengi huishia kukata tamaa. Chumba cha maktaba tumeshapewa. Tunachangia rafu, meza na vitabu vya madarasa ya chini, maana hao ndio wenye vichache kuliko wote. Wiki mbili kutoka leo, Jumamosi, tutatembea kilomita 10. Njoo na jirani yako.

ZIMEBAKI SIKU 10
Maktaba nyingi duniani hupanga vitabu kwa namba za Dewey, mpango uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876. Una makundi 10, nasi tuna kilomita 10! Kwa hiyo kila kilomita itakuwa na bango la kundi lake. Tutaanza na 000, maarifa ya jumla. Kilomita ya tano ni 400, lugha. Ya sita ni 500, sayansi: hapo ndipo penye mlima, jiandaeni. Ya tisa ni 800, fasihi, na wanafunzi watatusomea mashairi waliyotunga wenyewe. Tutamalizia na 900, historia na jiografia. Mtoto atakayetembea njia hii ataingia maktaba akijua pa kuanzia kutafuta.

ZIMEBAKI SIKU 7
Fomu za ahadi zipo kwa walimu wa madarasa. Unaweza kuahidi kwa kila kilomita utakayotembea, au kumdhamini mtoto mmoja. Kila mchango unaandikwa na kupewa risiti. Huna fedha? Tunahitaji mafundi wa kupiga randa na watu wa kujalidi vitabu. Mchango huo tunauthamini sawa na mwingine wowote.

ZIMEBAKI SIKU 3
Vaa viatu ulivyovizoea. Vipya vitakutoa malengelenge kabla ya nusu ya njia. Kwa mwendo wa kawaida utatumia saa mbili hivi, na wenye watoto wadogo zaidi kidogo. Hatushindani. Wazee na wanaotumia viti vya magurudumu wana njia fupi ya kilomita 2, tambarare mwanzo hadi mwisho.

NI KESHO
Lala mapema. Kunywa maji kabla hujatoka nyumbani, na beba chupa yako. Maji ya kujazia yapo kwenye mabango ya 300 na 600. Watoto wote watembee na mtu mzima, tafadhali. Hili hatulilegezi.

NI LEO!
Lango la shule liko wazi kuanzia saa 12 asubuhi, tunaondoka saa 1 kamili. Ukichelewa, fuata mabango, wahudumu wa mwisho watakusubiri. Jumla ya michango tutaitangaza uwanjani leo hii, na orodha ya vitakavyonunuliwa itabandikwa mlangoni pa maktaba Jumatatu.